Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha kuhusu kodi ya kima cha chini

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kutoka Arusha, ambako mimi na mdogo wangu tunaendesha kampuni ndogo ya kuwapeleka wageni mbugani. Wiki iliyopita tulipokea makadirio yanayotutaka tulipe shilingi milioni 4.1 kwa mwaka 2024, mwaka ambao hesabu zetu za kodi zinaonyesha hasara. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inaitoza kodi hii kampuni iliyokaa katika hasara miaka mitatu mfululizo, na kiasi chake hukokotolewa kwenye mauzo ghafi, si kwenye faida. Kilimo, afya na elimu vimesamehewa. Sisi hatumo.

Naomba uione hasara yetu ilikotoka. Mwaka 2022, wageni walipoanza kurudi baada ya janga la korona, tulikopa benki na kununua magari manne kwa shilingi milioni 480. Sheria hiyohiyo inaturuhusu kukata uchakavu wa magari ya aina hii kwa asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Mwaka wa kwanza uchakavu ulikuwa milioni 180, wa pili milioni 112.5 na wa tatu kama milioni 70.3. Kabla ya kuuondoa, tulikuwa na ziada ya milioni 60, kisha 75, kisha 62. Baada ya kuuondoa, miaka yote mitatu ikageuka hasara, ule wa mwisho kwa milioni 8.3 tu. Ziada ile haikwenda mfukoni mwetu. Ilirejesha mkopo, na marejesho ya mtaji wa mkopo hayakatwi popote katika hesabu za kodi. Kwa hiyo sheria ilitupa nafuu ya kununua magari kwa mkono mmoja, kisha ikatutoza kwa mwingine kwa sababu tulikubali nafuu hiyo.

Jambo la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Mauzo yetu ya mwaka 2024 yaliandikwa milioni 820, na asilimia 0.5 yake ndiyo milioni 4.1. Lakini katika fedha hizo, milioni 330 zilikuwa viingilio vya hifadhi, ambavyo mgeni hutulipa pamoja na gharama za safari, nasi tukavipeleka TANAPA na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro kabla gari halijafika getini. Fedha hizo ni za Serikali tangu zilipoingia kwenye akaunti yetu. Zikiondolewa, mauzo yanabaki milioni 490 na kodi inashuka hadi milioni 2.45. Tunatozwa kodi kwa kuikusanyia Serikali mapato yake.

Nimekwishawasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu ndani ya siku 30, na nimeomba nisamehewe sharti la kulipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, ambayo kwetu ni karibu milioni 1.37. Najua udhaifu wangu ulipo: ankara zetu za zamani zilimwandikia mgeni bei moja ya safari nzima, bila kutenga kiingilio, na mkaguzi ana haki ya kuuliza nitathibitishaje kwamba nilikuwa wakala tu. Ninazo stakabadhi za kila getini, na sasa kila ankara inatenga kiingilio katika mstari wake. Ninawasihi wenzangu wa Arusha na Moshi wafanye hivyo mapema, kwa kuwa stakabadhi bila ankara iliyotenga fedha hizo ni nusu ya ushahidi.

Hata nikifika Bodi ya Rufani za Kodi, hoja ya uchakavu sitaishinda huko, kwa sababu Bodi hutekeleza sheria kama ilivyoandikwa. Nchini Kenya, kodi ya asilimia moja ya mauzo ghafi ilibatilishwa na Mahakama Kuu ya Machakos tarehe 20 Septemba 2021, mbele ya Jaji George Odunga, kwa kuwa ilikinzana na Katiba yao. Hukumu hiyo haifungi mahakama zetu, na sheria yao haikusubiri miaka mitatu ya hasara kama yetu. Hata hivyo swali lililoulizwa kule ndilo letu: kodi ya mapato itatozwaje pasipo mapato?

Ninafahamu kwamba zipo kampuni kubwa zinazohamisha faida nje na kuonyesha hasara mwaka hadi mwaka, na kwamba Serikali ililazimika kuzibana. Lakini mwaka 2025 kiwango kilipandishwa kutoka asilimia 0.5 hadi asilimia 1. Kwa mauzo kama yetu hiyo ni milioni 8.2, yaani karibu sawa na hasara nzima ya mwaka 2024.

Kwa heshima zote ningependa hasara inayotokana na uchakavu pekee isihesabiwe katika ile miaka mitatu. Kama hilo ni zito kwa sasa, basi ombi langu ni moja: katika Muswada wa Sheria ya Fedha ujao, tafsiri ya mauzo ghafi iondoe viingilio vya hifadhi. Viondoe viingilio, Mheshimiwa. Stakabadhi zake zote ziko tayari kwenye mifumo ya Serikali yenyewe.

Wako mtiifu,
Mwendeshaji wa safari za watalii, Arusha