Barua kwa shoga: dakika tatu za kujitambulisha

Jambiani, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Asalaam aleikum. Natumai mama keshapata nafuu ya mguu. Huku sote wazima, ila umeme umekatika tangu magharibi na naandika kwa taa ya simu, basi ukiona mistari inapanda na kushuka usinicheke.

Umeniuliza nilisema nini kwenye usaili wa shahada ya uzamivu pale walipofungua kwa "haya, jitambulishe". Kwa kuwa wako ni Jumanne ijayo, nakueleza lote, pamoja na nilivyoharibu kabla ya kutengeneza.

Maneno yangu ya kwanza niliyaandika ukurasa mzima. Nimezaliwa wapi, nimesoma skuli gani, shahada ya kwanza mwaka gani, ya pili lini. Nikamsomea kaka yangu, naye akaniuliza, "Hayo si yapo kwenye wasifu uliowatumia?" Yapo kweli. Wanaokusaili wana karatasi zako mezani, na ukiwasomea tena unawapa dakika za kuangalia simu zao. Nikayatupa. Nikaandika ya pili, nikaanza na mabadiliko ya tabianchi na maisha ya wanawake wa pwani. Hiyo nayo ilikuwa kanga ya kila mwili, maana mtu wa misitu angeweza kuivaa, na mtu wa samaki vilevile. Profesa niliyetaka anisimamie asingeona humo kwa nini nimekuja kwake yeye.

Kilichonitoa ni kurudi kwenye daftari langu la uzamili na kutafuta swali lililobaki wazi. Unakumbuka mlivyokuwa mkiniita Bi Mizani? Nilifunga mbegu 60, yaani vipande vya kotonii, ule mwani mnene wenye bei, kila moja gramu 100, kwenye kamba na vigingi kama wanavyofanya kina mama hapa. Baada ya siku 28 nikapima. Zilizokuwepo kambani zilikuwa na wastani wa gramu 300, na hesabu ya ukuaji ikawa hivi:

```
ln(300/100) / 28 = 0.039
```

Yaani karibu asilimia 3.9 kwa siku. Nikafurahi, nikaandika. Wakati wa kujiandaa kwa usaili ndipo niliposhtuka. Zilizobaki kambani zilikuwa 41 tu. Nyingine 19 zilipauka, zikawa nyeupe, zikalainika na kukatika, maji yakazichukua. Mimi nilikuwa nimepima waliopona nikasema kijiji kizima kina afya. Ukihesabu kamba yote, uliingiza kilo 6 ukatoa kilo 12.3, na ukuaji unashuka hadi kama asilimia 2.6 kwa siku. Mkulima anauza kilichobaki kambani, kwa hiyo hesabu yake ni hiyo ya pili.

Swali likawa: zile 19 ziliuawa na nini? Hapo ndipo pwani yetu inapokuwa mwalimu mbaya. Wajua bamvua la huku, maji hukauka kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, halafu yanayosalia kwenye madimbwi ya vigingi yanapigwa na jua mpaka bahari irudi. Mwani unapata joto kali kwa saa mbili tatu, kisha maji baridi. Siku za maji mafu, bahari isipotoka mbali, hakuna kilele hicho, ila msimu wa kaskazi maji yote huwa moto mchana na usiku. Je, kinachoua ni kilele kifupi au ni joto la wastani linalodumu? Pwani haitakujibu, kwa sababu kilele cha joto huja pamoja na jua kali, na joto la Februari na Machi halijaondoka vizuri ndipo masika yanaingia na mvua inapunguza chumvi. Vyote vimesukwa ukili mmoja, huwezi kuvuta kimoja peke yake.

Basi nikakaa na kazi za karibuni za profesa. Sikusoma zote, nilisoma tatu, lakini nikaanza na sehemu ya mbinu, ile wengi wetu tunairuka. Nikaona anafuga mwani kwenye matangi, analishika joto mahali pamoja kwa wiki mbili, na anatenganisha joto, mwanga na chumvi atakavyo. Joto la kupanda na kushuka kwa mwendo wa bamvua na maji mafu sikuliona katika hizo tatu. Nikajua hapo ndipo mlango wangu. Yeye ana matangi ambayo pwani yangu haina, nami nina mwendo wa bahari ambao matangi yake hayajapewa.

Nilichosema siku ile ni hiki. Nilisema Kiingereza, lakini kwako naandika kama nilivyokifikiri:

"Nimefanya kazi na wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja, na utafiti wangu wa uzamili ulikuwa juu ya ukuaji wa kotonii. Katika mbegu 60 nilizofunga, 19 zilipotea, na nilipokuja kuzihesabu nikaona ukuaji niliouripoti ulikuwa mkubwa kuliko ule anaoupata mkulima. Sikuweza kusema zilikufa kwa nini, maana huku joto, mwanga na mvua huja pamoja. Nataka kujua kama mwani unauliwa na kilele cha joto cha saa chache wakati wa bamvua au na wastani unaodumu, kwa sababu jibu moja linamwambia mkulima asogeze vigingi kwenye kina, na jingine linamwambia abadilishe msimu. Matangi yako yanaweza kutenganisha vitu hivi, na kazi zako tatu nilizosoma zimeonyesha kinachotokea joto likiwa halibadiliki. Mimi ninaleta rekodi za joto la pwani za misimu miwili, na wakulima wanaonikubali kambani kwao. Nisichokuwa nacho ni uzoefu wa kupima usanisinuru kwa vifaa vya maabara, na hicho nataka kujifunza mwaka wa kwanza."

Basi. Kwa saa ya kaka yangu yalikuwa dakika mbili na nusu, na siku yenyewe nadhani yakafika tatu kwa woga.

Angalia ile sentensi ya "kazi zako tatu". Ya awali nilikuwa nimeandika kwamba yeye ni gwiji na kazi zake zimenigusa moyo. Kaka akasema, "Akikuuliza ipi imekugusa?" Nikabaki mdomo wazi. Sifa haina pa kushikia. Ukitaja alipofika na wewe unapoanzia, ana cha kukuuliza, nawe una cha kujibu.

Na maswali yalikuja, tena yote kutoka ndani ya maneno yangu mwenyewe. Mwanajopo mmoja alishika zile rekodi za joto. Kipimajoto changu kiliandika kila baada ya dakika 15, akaniuliza nyuzi za juu kabisa zilikuwa ngapi. Nikamwambia 39, lakini siyo ya maji. Kipima kilifungwa kwenye kigingi, na bamvua kubwa likitoka kinabaki juu hewani kikiota jua. Utajua kwa kuwa joto linaruka kwa ghafla ndani ya robo saa, kisha linaanguka vilevile maji yanapokigusa. Nilizitoa saa hizo kwa kulinganisha na jedwali la maji na madokezo yangu ya ufukweni, na zilizosalia hazikupita 35. Aliandika kitu, akatingisha kichwa. Nahisi lilikuwa swali la kunipima kama rekodi ni zangu kweli.

Profesa mwenyewe akaja na gumu zaidi. Je, nikikuta si kilele wala wastani, bali ni vijidudu vinavyoingia mwani ukishadhoofika? Shoga, sikuwa nimeliandaa hilo. Nikasema huenda vyote viwili, joto likifungua mlango na vijidudu vikimaliza, na kwamba mpango wangu kama ulivyo hauwezi kuvitofautisha. Nikaongeza kwamba naweza kuhifadhi vipande vya matawi kila siku ya jaribio, ili vichunguzwe na mwenye ujuzi huo. Akasema, "Huyo mtu tunaye, ghorofa ya pili." Hapo ndipo nilipopumua.

Kitu kimoja nilikisahau na kinanisumbua mpaka leo. Sikusema kwa nini sitaki kufanya kazi na mwani mwembamba, ule unaostahimili zaidi na ambao kina mama wengi wamehamia. Walikuja kuniuliza dakika za mwisho, nikajibu kwa haraka kuwa kotonii ndio wenye bei. Ni kweli, lakini jibu zuri zaidi lilikuwa mkononi mwangu: ningeiweka ile miwili tangi moja, ule unaostahimili unionyeshe mwenzake anashindwa wapi. Nililikumbuka nikiwa kwenye daladala nimeshafika Paje.

Sasa yako. Uliniandikia kwamba utaanza na uhaba wa maji visiwani. Usianze hapo, nakuomba. Anza na kile kisima chako cha Makunduchi kilichokuwa kitamu asubuhi na chumvi jioni. Sema ulipima mara ngapi, na siku gani namba zilikukatalia. Halafu mtazame huyo msimamizi wako, ana nini ambacho wewe huna? Kama ana mfano wa kompyuta wa maji ya ardhini lakini hana vipimo vya kupwa na kujaa kwa saa, basi umeshapata sentensi yako ya katikati. Kama anavyo vyote viwili, itabidi utafute kingine, au utafute msimamizi mwingine, na ni afadhali ujue kabla ya Jumanne. Na usimfiche kwamba hujui kuandika programu. Sema utajifunza lini na kwa nani, maana atagundua wiki ya kwanza.

Nitumie maneno yako ukishayaandika, yasizidi nusu ukurasa. Alhamisi ni bamvua, nitakuwa majini na kina mama mpaka saa saba, kwa hiyo usinipigie asubuhi. Majibu yangu wamesema ndani ya wiki tatu, na hii ni ya pili. Simu ikilia tu, moyo unaruka.

Msalimie mama. Ule mkoba wako wa ukili bado ninao.

Shogayo,
Bi Mizani