Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mwanafunzi anayedhalilishwa mtandaoni anaogopa kusema

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa unasihi katika sekondari ya kutwa. Nakuandikia kwa sababu ya stika moja.

Binti wa kidato cha tatu alikosea hesabu ubaoni, akalia. Mwenzake mwenye simu ya kificho akampiga picha. Jioni picha ikawa stika ya WhatsApp yenye maneno ya kejeli, ikatupwa kwenye grupu la darasa. Aliyeitengeneza aliingiwa na woga, akaifuta usiku uleule. Haikusaidia: waliokwisha kuihifadhi walibaki nayo, na baadaye ikawa inatumiwa na wanafunzi wa shule nyingine wasiomjua binti huyo hata jina.

Anayetukanwa uwanjani anamjua aliyemtukana, na waliosikia wanahesabika. Mtukanaji naye anauona uso wa mwenzake ukibadilika, na mara nyingi huishia hapo. Kwenye simu uso hauonekani. Mmoja anaanza, wengi wanarudia, na kila mmoja anajiona hana kosa kwa kuwa yeye amesambaza tu. Binti yule aliletewa stika hiyo hadi kitandani saa nne usiku, mama yake yupo sebuleni hana habari.

Sisi walimu tulichelewa sana kujua. Binti alinyamaza kwa kuwa alijua swali la kwanza tutakalomuuliza: simu umeipata wapi? Simu zimekatazwa shuleni, na katazo hilo naliunga mkono. Lakini limewafunga midomo hata wanaotumia simu ya dada nyumbani.

Naomba waraka utakaosema wazi kwamba mwanafunzi anayeripoti kudhalilishwa hataadhibiwa kwa kosa la simu. Ueleze pia hatua za mwanzo. Kabla ya chochote kufutwa, ipigwe picha ya skrini inayoonesha namba ya mtumaji na tarehe, itunzwe na mwalimu mmoja. Ikiwa ni picha ya utupu, mwalimu asiinakili wala kutumiwa. Apeleke taarifa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kisha admini wa grupu aifute, na waliosambaza waitwe mmoja mmoja pamoja na wazazi wao.

Jambo hili lisisemwe mstarini. Kwetu lilisemwa, bila kutaja jina, na kufikia mapumziko wasiokuwa wameiona stika walikuwa wanaulizana nani anayo.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inamwekea anayemtisha au kumsumbua mwenzake mtandaoni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Kwa vitisho vizito, sawa. Kwa kijana aliyetengeneza stika, shule inapaswa kuwa na njia yake kabla ya kufika huko, na leo kila mkuu wa shule anajibunia ya kwake.

Namba 116, ya kuwasaidia watoto, ni bure kupiga. Naomba waraka uagize ibandikwe kila darasa, kwa ajili ya yule ambaye bado hawezi kumwambia mwalimu.

Mwalimu wa unasihi