PV ya ajali: ni upande gani wa gari uliogongwa?

Malalamiko yanayorudi mara nyingi katika garaji yetu hapa Lubumbashi hayahusu rangi wala tolri, bali karatasi. Mteja huja na PV ya polisi ya rulaji mkononi, tunamwandalia devi, dosie inapelekwa katika kampuni ya asiransi, kisha jibu linatoka kwamba atalipwa sehemu tu, au kwamba maelezo hayalingani na gari. Hapo sisi ndio tunaolaumiwa. Mmoja alisimama mlangoni mbele ya wateja wengine akasema, «Mulikula makuta yangu bule.» Kwa kuwa dosie yake inafundisha karibu kila jambo tunalotaka kueleza, tutaieleza bila kumtaja jina.

Alikuwa na Toyota Noah, na kama Noah nyingi za hapa, usukani wake uko kulia. Alikuwa akipita katika njia panda ya mtaa mmoja wa komine ya Kampemba, isiyo na alama wala taa wala polisi, pale lori aina ya Fuso lilipotokea kushoto kwake na kumgonga ubavuni. Mlango wa mbele wa kushoto, mlango wa nyuma wa kushoto na kizingiti cha chini ya milango hiyo viliingia ndani. Hakuna aliyeumia. Kwa mujibu wa kodi ya barabara ya mwaka 1978, katika njia panda ya namna hiyo anayetokea kulia ndiye anayepita kwanza. Fuso ilipaswa kumpisha, na mteja wetu alikuwa na haki yote.

Lakini PV ilisema kwamba gari lake liligongwa «upande wa dereva». Polisi aliyeandika alifuata mazoea, kwa sababu nchini kwetu tunaendesha kulia na dereva hufikiriwa amekaa kushoto. Eksperi wa asiransi ya Fuso, akiwa ofisini na PV pamoja na karti rozi ya Noah, aliona usukani uko kulia, akasoma kwamba gari liligongwa kulia. Tazama sasa jambo hilo linavyogeuka: kama Noah iligongwa kulia, basi Fuso ilitokea kulia, na kama ilitokea kulia, Noah ndiyo iliyopaswa kusimama. Neno moja lililoandikwa kwa nia njema lilihamisha kosa lote kutoka kwa lori hadi kwa mteja wetu, na pia liliifanya milango ya kushoto iliyobonyea ionekane kama uharibifu wa siku nyingine.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi maelezo yako, omba usomewe polepole, hasa kama yameandikwa kwa Kifaransa nawe umeyasema kwa Kiswahili, na hakikisha kwamba pande zote za gari zimeandikwa kushoto au kulia kwa mtu aliyekaa ndani akitazama mbele. Usikubali «upande wa dereva», wala «upande wa abiria», wala «ubavuni» peke yake. Polisi hakasiriki ukimwomba hivyo kwa heshima. Anayekasirika ni yule unayemrudia baada ya wiki tatu.

Kilichomwokoa mteja huyu ni mchoro. PV nzuri huwa na mchoro wa mahali, na huu ulikuwa na mishale inayoonyesha kila gari lilikotoka, pamoja na umbali uliopimwa kutoka nguzo ya umeme hadi mahali vipande vya kioo vilipoangukia. Mshale wa Fuso ulitoka kushoto kwa Noah. Tulimwambia arudi kwa afisa yule yule aombe PV ya nyongeza inayosahihisha maneno, ikiwa na tarehe, sahihi na muhuri wake. Yeye alipendelea kufuta neno kwa kalamu na kuandika «kushoto» juu yake, jambo tulilomzuia kwa nguvu. Neno lililofutwa bila sahihi ya aliyeandika PV huifanya karatasi nzima itiliwe shaka, na kampuni iliyokuwa inauliza swali moja huanza kuuliza yote. PV ya nyongeza ilipatikana, na haki yake ya kupita ikakubaliwa.

Basi kwa nini hakulipwa yote? Kwa sababu ya njia ya mkato aliyoichukua kabla hajafika kwetu. Akisubiri karatasi, aliona mlango wa nyuma haufungi, akapeleka gari kwa mchomeleaji wa mtaani aliyelinyoosha na kuchomelea kizingiti kwa bei ndogo. PV huandika uharibifu unaoonekana kwa macho barabarani, yaani milango, taa, vioo, lakini hakuna polisi anayelala chini ya gari kutazama kizingiti. Uharibifu uliojificha huthibitishwa na eksperi tu, akiliona gari kabla halijaguswa. Eksperi alikuta kizingiti chenye uchomeleaji mpya, hakuweza kujua kilikuwaje kabla, akakikataa. Milango ililipwa, kizingiti hakikulipwa. Ile kazi ya bei ndogo nayo ilibidi tuikate na kuianza upya, kwa kuwa mlango haukukaa sawa na maji ya mvua yalikuwa yanaingia. Aliona devi yetu imekuwa kubwa kwa sababu yetu. Tunaiandika hapa ili ijulikane kwamba kukata uchomeleaji mbaya ni kazi ndefu kuliko kuweka kizingiti kipya.

Kuna kosa jingine ambalo halikumpata yeye lakini huwapata wengi. Asiransi ya lazima hulipa uharibifu unaomfanyia mwenzako, haikulipi gari lako mwenyewe, isipokuwa kama ulinunua ulinzi wa ziada. Anayekulipa ni asiransi ya aliyekugonga. Ikiwa PV imeandika nambari ya plati ya lori peke yake, hatuna mlango wa kubisha. Hakikisha jina la kampuni yake, nambari ya mkataba na tarehe ya mwisho wa asiransi vimenakiliwa kutoka kwenye karatasi yenyewe, si kutoka kinywani mwa dereva. Wenye malori wanajua kusema «iko kwa patroni».

Pale mtu anapoumia, mambo hubadilika: dosie huenda parke, na nakala kwa ajili ya asiransi hufuata njia hiyo, kwa hiyo huchelewa. Hata hivyo usisubiri PV ndipo utangaze ajali kwa asiransi yako. Muda wa kutangaza umeandikwa katika mkataba wako, nao ni mfupi. Tangaza kwanza, PV iletwe baadaye.

Kuhusu bei zetu, hatuuzi PV, na hatumtumi mtu kuitafuta. Wanaoahidi PV ya ajali ambayo hakuna polisi aliyeiona wanakuuzia kesi. Tunachotoza ni kulikagua gari likiwa juu ya jeki, kulipiga picha, kuandika devi na kuwapo eksperi anapokuja, na malipo hayo hukatwa katika gharama ya kazi ukitengeneza kwetu. Njoo na PV, karti rozi, karatasi ya asiransi na picha ulizopiga kabla magari hayajasogezwa, na ulete gari likiwa kama lilivyotoka barabarani, hata kama mlango umefungwa kwa kamba.