AppData na ProgramData: Folda Zilizofichwa Zenye Vitu Vyako

Mteja wetu mmoja alituletea kompyuta ambayo, kwa maneno yake, ilikuwa "imesahau kila kitu". Picha ya nyuma ya skrini ilikuwa imetoweka, aikoni alizokuwa amezibandika kwenye upau wa chini hazikuwapo, kivinjari kilimtaka aingize upya nywila za tovuti zote, na Thunderbird, programu anayoitumia kusomea barua pepe, ilimkaribisha kana kwamba ndiyo kwanza imewekwa. Nyaraka na picha zake, hata hivyo, zilikuwapo zote. Tulipomuuliza alichofanya siku iliyotangulia, alijibu kwamba alikuwa amesafisha diski tu: aliamuru Windows ionyeshe vilivyofichwa, akakuta folda iitwayo AppData yenye ukubwa wa zaidi ya GB 30, akajiridhisha kwamba hajawahi kuweka kitu humo, akaifuta. Faili chache ambazo Windows ilikataa kuzifuta kwa kuwa zilikuwa zikitumika aliziruka, akaendelea na zilizosalia.

Ni kweli kwamba hakuwahi kuweka kitu humo kwa mkono wake; waliokuwa wakiweka ni programu zake, kwa niaba yake. Programu zenyewe hukaa kwenye Program Files, na tangu Windows Vista mtumiaji wa kawaida, pamoja na programu anazoziendesha, hana ruhusa ya kuandika humo. Kwa hiyo kila kitu ambacho programu inapaswa kukumbuka kukuhusu wewe, kuanzia mipangilio hadi barua, huandikwa kwenye AppData, ambayo iko ndani ya folda yenye jina lako chini ya C:\Users. Kompyuta ikiwa na watumiaji watatu, ina AppData tatu, na ndiyo sababu mwenzako anaweza kufungua kivinjari kilekile kwenye mashine ileile asikute kurasa zako.

Ndani ya AppData mna folda tatu. Roaming imekusudiwa vitu vinavyoweza kukufuata: katika ofisi ambazo kompyuta zake zimepangwa hivyo, folda hii hunakiliwa kwenye seva unapotoka na kushushwa unapoingia kupitia mashine nyingine, nawe ukakuta mipangilio yako palepale. Local ni ya vitu vinavyobaki kwenye mashine hiyohiyo, ama kwa kuwa ni vizito mno, ama kwa kuwa havina maana kwingine. LocalLow ni ndogo kwa kawaida; hutumiwa na programu zinazoendeshwa kwa ruhusa finyu, pamoja na michezo kadhaa ya kompyuta inayohifadhi humo hatua uliyofikia.

Mgawanyo huo hauonyeshi kipi ni cha thamani na kipi ni takataka, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Folda ya Local ina Temp, ambamo mabaki ya kazi za muda hurundikana, na ina nakala za kurasa ambazo vivinjari huzihifadhi ili kuzifungua haraka. Lakini humohumo ndimo Chrome inamoweka alamisho na nywila zako, na ndimo vikaratasi vya Sticky Notes vinamokaa. Kwa mteja wetu, sehemu kubwa ya zile GB 30 ilikuwa takataka halisi ya Local. Barua zake, ambazo hazikuzidi GB 4, zilikuwa kwenye Roaming, ndani ya folda ya Thunderbird, nazo ziliondoka pamoja na takataka hiyo.

Laiti akaunti yake ingekuwa ya IMAP, barua zingebaki kwenye seva na kurudi zenyewe baada ya kuiweka akaunti upya. Yeye alikuwa akitumia POP, iliyopangwa kushusha barua na kuziondoa kwenye seva, hivyo nakala pekee ilikuwa ile aliyoifuta. Aliifuta kwa Shift na Delete, kwa hiyo haikupitia Recycle Bin. Tulijaribu programu ya kurejesha faili bila matumaini makubwa, kwa sababu diski za SSD huarifiwa mara moja kuhusu nafasi iliyoachwa na faili zilizofutwa, nazo huisafisha zenyewe. Hatukupata kitu. Diski yake ya akiba ilikuwa na Documents na Desktop peke yake, jambo tunalolikuta mara nyingi mno.

Kilichomwokoa ni kompyuta yake ya zamani, ambayo ilikuwa bado kabatini. Tuliiwasha, tukabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, tukaandika:

```
%APPDATA%
```

Amri hiyo hufungua Roaming moja kwa moja bila kulazimika kuonyesha vilivyofichwa. Kwa Local huandikwa `%LOCALAPPDATA%`. Tukahakikisha kwamba Thunderbird imefungwa kwenye mashine zote mbili, tukanakili folda nzima iitwayo Thunderbird, tukaiweka mahali palepale kwenye kompyuta mpya. Ilipofunguliwa, akaunti na barua zote hadi siku aliyobadilisha kompyuta zilikuwapo. Za miezi iliyofuata hazikupatikana.

Kuhamia kompyuta mpya ni miongoni mwa nafasi chache ambapo mtu wa kawaida ana sababu ya kuingia AppData, na hata hapo njia hii haifai kwa kila programu. Ukinakili folda ya Chrome, kwa mfano, alamisho zitahama, lakini nywila hazitasomeka, kwa sababu zimesimbwa kwa ufunguo uliofungamana na akaunti yako ya Windows ya kompyuta ya awali. Hizo zihamishwe kwa kuzitoa ndani ya kivinjari chenyewe.

ProgramData, iliyo moja kwa moja chini ya C:, ina kazi ileile kwa vitu vinavyotumiwa na watumiaji wote kwa pamoja: njia za mkato za menyu ya Start, data za programu ya kuzuia virusi, leseni za baadhi ya programu. Inayowashawishi watu kufuta ni folda yake iitwayo Package Cache, ambayo hukua na huonekana kama mabaki. Humo mna vifungashio vya usakinishaji; ukivifuta hutaona tofauti yoyote leo, ila siku utakapotaka kuiondoa programu au kuisasisha, itadai faili ambayo haipo tena na kugoma.

Diski ikijaa, ingia Settings, kisha System, Storage, na Temporary files. Windows yenyewe itaorodhesha inachojua kwamba kinaweza kuondoka. Soma orodha hiyo kabla ya kukubali, kwa kuwa huweza kuwa na Downloads, ambayo ni yako na haipaswi kuwekewa alama bila kuitazama. Nakala za kurasa ziondolewe ndani ya mipangilio ya kivinjari.

Baadhi ya wateja hutuuliza pia kuhusu folda iitwayo Application Data, inayojitokeza mtu anapofichua hata faili za mfumo, na ambayo hukataa kufunguka kwa kusema kwamba huna ruhusa. Hiyo si folda iliyoharibika wala dalili ya virusi. Ni kielekezi tu kwenda Roaming, kilichoachwa kwa ajili ya programu zilizoandikwa enzi za Windows XP, ambazo bado hutafuta jina hilo la zamani.