Malalamiko kuhusu hadithi ya msafiri aliyepotea na mchoro wa mabasi ulioambatana nayo

Kwa Mhariri Mkuu,
Kampuni ya uchapaji wa vitabu vya shule.

YAH: MAKOSA KATIKA HADITHI YA MSAFIRI NA MCHORO WA NJIA ZA MWENDOKASI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni walimu wa Jiografia, na tunakitumia kitabu chenu cha kusomea ramani madarasani. Tunalalamikia hadithi fupi ya mama aliyepotea Dar es Salaam, ambaye mnasema alijifunza kusoma mchoro wa mabasi. Kwa jinsi mlivyoichapa, hakujifunza. Mwanafunzi akimfuata hatua kwa hatua atapotea palepale alipopotea yeye.

Hadithi ni hii: mama anapanda basi Morocco, anataka kufika Kivukoni akavuke kwa pantoni kwenda Kigamboni, lakini anajikuta Gerezani, Kariakoo. Kijana mmoja anamwonyesha mchoro, anamwambia, "Shuka rangi mbili zinapokutana." Hapo ndipo shida inapoanza.

Mchoro wenu una njia mbili tu. Nyekundu inatoka Kimara hadi Kivukoni kwa Barabara ya Morogoro, na ya bluu inatoka Morocco hadi Gerezani. Tunajua barabarani yapo mabasi ya njia nyingine, lakini hatulalamikii hilo, maana kwa kufundishia njia mbili zinatosha. Ya bluu inashuka Barabara ya Kawawa, inaingia Barabara ya Morogoro pale Magomeni, kisha njia zote mbili zinakwenda pamoja: Magomeni Mapipa, Jangwani, Fire. Baada ya Fire nyekundu inanyooka kuelekea Kisutu na Posta, na bluu inakata kulia kuingia Mtaa wa Msimbazi.

Sasa tazameni ukurasa wenu. Kipande cha pamoja mmekichora kwa mstari mmoja, nyekundu juu ya bluu, kwa hiyo bluu inapotea Magomeni na kuibuka tena Fire kama njia nyingine kabisa. Mistari inayopita vituo vilevile huchorwa sambamba, ubavu kwa ubavu, ili jicho liifuate kila mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Halafu duara jeupe la kubadilishia basi mmeliweka kwenye njiapanda yenyewe, mahali mistari inapokutana kwenye karatasi. Njiapandani basi halisimami. Duara linakaa juu ya kituo ambacho mabasi ya njia zote mbili husimama, na hapa vituo hivyo ni vitatu. Mistari kukutana au kukatana peke yake haimaanishi kwamba abiria anaweza kubadilisha basi. Alama ya kituo ndiyo inayosema hivyo.

Kosa la pili linamhusu kijana. Anamwambia mama asubiri basi "la Fire", na mama anasimama kituoni akisoma vibao vya mbele vya mabasi bila kuliona. Hataliona. Kibao cha mbele cha basi huandikwa mwisho wa njia. Ndiyo maana kwenye mchoro majina ya mwisho wa njia huandikwa kwa herufi nene: ndiyo majina yatakayosomwa barabarani. Majina ya katikati ni ya kujua pa kushukia tu. Hili halipo popote katika hadithi yenu, ilhali ndilo linaloyaunganisha maandishi ya karatasini na basi linalokuja.

Tunapendekeza mazungumzo yale yaandikwe hivi, na yafanyike Morocco kabla mama hajapanda:

"Shikamoo mama. Unakwenda wapi?"

"Marahaba mwanangu. Kivukoni."

"Weka kidole hapa tulipo, Morocco. Kingine weka Kivukoni. Kuna mstari mmoja unaovigusa vidole vyote viwili?"

"Hakuna. Huu wangu unakwenda Gerezani."

"Basi tafuta vituo ambavyo mstari wako na ule wa Kivukoni inavipitia pamoja."

"Mapipa, Jangwani, Fire."

"Panda lililoandikwa Gerezani. Ukifika kimojawapo cha hivyo vitatu shuka, usitoke getini, subiri lililoandikwa Kivukoni. Ila Fire ndiyo nafasi yako ya mwisho. Ukisikia Msimbazi Polisi, ujue umepitiliza."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo tunayoijali zaidi. Msomaji wa mchoro hupaswa kujua jina la kituo kinachofuata baada ya kile anachoshukia, ili akikiona ajue amekosea akiwa bado karibu. Mama wenu alipita Msimbazi Polisi akiwa ametulia kabisa, kwa sababu hakuna aliyemwambia maana ya jina hilo. Na tungemshauri ashuke Mapipa badala ya Fire: akisinzia Mapipa ikampita, bado ana vituo viwili vya kujirekebisha.

Kuhusu kurudi, mmeandika "akarudi kwa njia ileile" mkafunga hadithi. Kurudi ndiko kunakopima kama mtu ameelewa. Kutoka Kivukoni mama anapanda basi la Kimara na kubadilisha kwenda lililoandikwa Morocco. Vituo vya pamoja ni vilevile vitatu, lakini nafasi ya mwisho imegeuka: sasa ni Mapipa, na jina la tahadhari ni Usalama, kituo kinachofuata baada ya Mapipa kuelekea Kimara. Akiwa amekariri kwamba "Fire ndiyo ya mwisho", ataiona Fire, atashuka salama, lakini hatajua kwa nini. Na siku Fire ikimpita, atadhani amepotea wakati bado ana vituo viwili mbele yake.

Lipo pia lile la kupima kwa kidole, ambapo mama anaambiwa urefu wa kidole kimoja ni dakika 5. Mchoro wa namna hii hauna skeli. Harry Beck alipochora ule wa treni za chini ya ardhi za London, uliochapishwa mwaka 1933, alinyoosha mistari ikawa ya wima, ya mlalo na ya mshazari wa nyuzi 45, akaachanisha vituo vya katikati ya mji ili visomeke. Mpangilio wa vituo ulibaki, umbali ukaachwa. Kwa hiyo msafiri huhesabu vituo, hapimi sentimita. Vilevile mchoro hausemi kama njia inapitika leo. Bonde la Jangwani likijaa maji masika, barabara hufungwa na mabasi husitishwa, nalo liko katikati ya kipande cha pamoja, huku karatasi ikionyesha mstari ulionyooka vilevile. Hayo yalistahili hata aya moja.

Mwisho, rangi. Shule nyingi zinagawa kurasa zenu kwa fotokopi nyeusi na nyeupe, na humo nyekundu na bluu zote huwa kijivu kimoja. Mtoto asiyetofautisha rangi naye yuko hivyo hivyo hata akiwa na kitabu chenyewe. Wekeni herufi kwenye kila mstari, A na B, na mstari mmoja uwe wa vipande vipande.

Tunaomba mtume karatasi ya masahihisho yenye mchoro mpya kwa shule zilizonunua toleo hili, na msichapishe upya hadithi hiyo kabla mtu asiyeujua mji hajaujaribu mchoro huo kwa kupanga safari mbili: Morocco kwenda Kivukoni, na kurudi. Akishindwa kutaja kituo cha kubadilisha na jina litakaloandikwa kwenye basi la pili, mchoro bado haujawa tayari. Tunaomba majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 30.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Walimu wa Jiografia,
Dar es Salaam.