Ukituomba taarifa ya malipo kwa ajili ya viza

Wateja wengi wa safari tunazoandaa hutuandikia "naomba risiti ya viza" siku moja kabla ya miadi ya ubalozi. Risiti tutakupa, lakini inaonyesha malipo ya siku moja tu. Unayelipa safari kwa awamu unahitaji taarifa ya akaunti yako kwetu: bei yote ya safari, kila awamu na tarehe yake, namba ya muamala, na salio lililobaki. Afisa wa viza ataiweka kando ya taarifa yako ya benki, ambayo mara nyingi huombwa ya miezi mitatu ya karibuni, aone kama fedha zilizotoka kwako ndizo zilizoingia kwetu.

Hapo ndipo mambo huharibika. Mteja wetu mmoja wa safari ya Ujerumani alilipa shilingi 4,500,000 kwa awamu tatu. Mbili za kwanza, 2,000,000 na 1,500,000, zilitoka benki yake. Ya mwisho, 1,000,000, ililipwa na dada yake kwa simu kupitia Lipa Namba yetu. Kwa hiyo taarifa yetu ilisoma milioni nne na nusu, ya benki ikasoma milioni tatu na nusu. Akatuomba tuandike kwamba na ile ya tatu kalipa mwenyewe. Tulikataa, na tungemkatalia hata ndugu yetu: mashaka juu ya ukweli wa nyaraka yanatosha kukunyima viza ya Schengen, ambayo ndiyo ya kwenda Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya.

Tulichofanya ni kuandika kwenye mstari wa awamu ya tatu jina la dada na maneno "amelipa kwa niaba ya mteja". Dada akaandika barua fupi yenye sahihi, akaambatanisha nakala ya kitambulisho chake na taarifa ya miamala ya simu yake. Namba ya muamala ikawa ileile kwenye karatasi yetu na kwenye yake. Pengo la milioni moja likawa na maelezo.

Kwa hiyo, tuandikie namna hii: "Naomba taarifa ya akaunti ya safari yangu, kwa jina lililo kwenye pasipoti, pamoja na namba ya pasipoti. Awamu ya pili alilipa kaka yangu. Miadi yangu ni tarehe fulani." Jina ni muhimu kuliko unavyodhani. Kwenye daftari letu huenda uko kama Mama Neema, kwa sababu ndivyo ulivyojitambulisha kwenye simu, na ubalozi haumjui Mama Neema.

Tuombe baada ya awamu ya mwisho kuingia, ili salio lisomeke sawa. Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, basi usiisubiri wiki ya mwisho. Karatasi yetu itakuwa na nembo, sahihi na muhuri. Taarifa ya benki yako hatuwezi kukutolea sisi. Iombe tawini kwako, nayo igongwe muhuri.