Mkataba unasema tuzungumze kwanza, lakini mazungumzo hayana mwisho

Ndugu mshauri,

Nina karakana ndogo ya samani. Miezi saba iliyopita niliikabidhi kampuni moja meza 40 na viti 120. Walilipa theluthi mbili, wakazuia iliyobaki kwa madai kwamba rangi ya meza sita imebabuka. Nilizipaka upya meza hizo kwa gharama yangu, lakini fedha hazijaja hadi leo.

Mkataba niliunakili kutoka kwa rafiki. Kifungu cha migogoro kina mstari mmoja tu: "Mgogoro wowote utatatuliwa kwa mazungumzo ya kirafiki, kisha usuluhishi, na ikishindikana, uamuzi." Wakati tunasaini nilikiona kizuri. Sasa nimegundua hakisemi mazungumzo yanaanza lini wala yanakwisha lini. Tulikutana mara moja, na vikao vitatu vilivyofuata wameviahirisha. Kila nikitaja hatua inayofuata, wananijibu kwa ustaarabu: "Bado tunazungumza."

Jirani yangu aliyewahi kuwa karani wa wakili ananionya nisiruke ngazi. Nikienda moja kwa moja kwa mwamuzi au mahakamani, anasema, watapinga kwamba nimewahi mno, na huenda shauri likasimamishwa. Papo hapo ananikumbusha kwamba deni lina ukomo wa kisheria wa kulidai, na saa hiyo haisimami kwa sababu tu tunakunywa chai pamoja.

Hata neno "usuluhishi" limeleta ubishi. Mimi nilielewa ni mtu wa kutupatanisha, asiyeweza kumlazimisha yeyote. Wao wanasema ni yule anayesikiliza pande mbili na kutoa tuzo, yaani uamuzi unaotufunga. Kweli, neno hilo watu hulitumia kwa yote mawili, ila kama ni hivyo, "uamuzi" uliwekwa mwishoni wa kazi gani?

Nimeandika rasimu ya barua, bado sijaituma. Inataja deni na tarehe ya ankara, inawapa siku 14 tukutane na mtu mwenye mamlaka ya kulipa, na inapendekeza majina mawili ya wapatanishi iwapo siku hizo zitapita bure. Je, barua hiyo itatosha kuonyesha kwamba ngazi ya kwanza nimeipanda, au nahitaji wakiri kwa maandishi kwamba mazungumzo yamekwama?

Kwa mikataba ijayo nafikiria hivi: siku 14 za mazungumzo tangu notisi ya maandishi, siku 30 za upatanishi, kisha mwamuzi mmoja, na tusipokubaliana juu yake ndani ya siku saba, ateuliwe na taasisi iliyotajwa kwenye mkataba. Kinachonisumbua ni gharama: mwamuzi tunamlipa wenyewe, hakimu hatumlipi. Kwa madeni madogo kama hili, nisiache mlango wa kwenda mahakamani moja kwa moja?

Mwenye karakana